Acha Kuitesa Kahawa: Mwongozo wa Kuchuja kwa Kitambaa

Kama kwenu kahawa hupikwa kwa kutupia unga kwenye sufuria, kuuchemsha mpaka ufurike na kuzima jiko, kisha kuuzamisha kwenye sukari vijiko vinne ili mtu aweze kumeza, basi mwongozo huu ni wako. Soma ukiwa umesimama, na hiyo sufuria iweke chini.

Kahawa chungu ya barazani siigusi. Ile ya kwenye dele, yenye tangawizi, inayonywewa kwa vikombe vidogo na kashata, imechemshwa kwa makusudi na watu wanaojua wanachokifanya. Mimi nazungumzia kikombe kikubwa cha asubuhi, cha kahawa ya Kilimanjaro, ya Mbinga au ya Nyeri. Mtu ameichuma ikiwa nyekundu, tunda kwa tunda. Ikamenywa, ikachachushwa, ikaoshwa na kuanikwa, ikageuzwageuzwa juani siku baada ya siku. Safari yote hiyo, halafu wewe unaimaliza kwa dakika kumi za moto mkali! Inaniuma, na nataka ikuume na wewe.

Anza na kitambaa. Nenda dukani ununue marekani, ile pamba isiyopakwa rangi, nusu mita inatosha kwa miezi mingi. Kata, shona umbo la pia lenye kina cha kiganja, na pindo la mshono libaki nje ili unga usijifiche humo. Mdomoni pitisha waya mnene uukunje kuwa kitanzi chenye mkono. Kabla ya kukitumia, kichemshe kitambaa kwenye maji matupu kwa dakika kumi, umwage, urudie. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani, na usipoutoa, kikombe chako cha kwanza kitanukia duka la nguo. Sabuni isikiguse kamwe, leo wala mwakani, kwa sababu pamba huishika harufu yake na kuitoa polepole ndani ya kahawa.

Sasa unga. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapoharibikiwa. Kwa kuchuja kwa kitambaa, unga unatakiwa uwe na chembe unazozihisi ukisugua kwa vidole, kama chumvi ya mawe iliyopondwa. Unga laini kama wa ngano utaziba kitambaa, maji yatasimama juu kama dimbwi la masika, na kitakachodondoka kitakuwa kichungu. Ukitwanga buni kwenye kinu, utapata mchanganyiko wa vipande vikubwa na vumbi. Pitisha kwenye chujio la chai: vumbi litaanguka, lile litenge, na vipande vikubwa virudishe kinuni. Ni kazi ya dakika tatu, na hakuna kifaa cha bei mbaya kitakachokupa faida kubwa kuliko hiyo. Twanga ya kunywa leo tu. Iliyosagwa juzi na kuachwa wazi juu ya friji imeshatoa harufu yake yote kwa friji.

Kuhusu maji, kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: inategemea unaishi wapi. Kahawa hupenda maji ya kati ya nyuzi 90 na 96. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100, kwa hiyo zima jiko, funua birika, subiri kama dakika moja. Lakini Nairobi na Mbeya, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700 juu ya bahari, maji huchemka yakiwa karibu na nyuzi 94 tu. Huko ukisubiri unajipunja. Mimina mara yanapotokota.

Haya, tupike vikombe viwili. Pima gramu 30 za kahawa, yaani vijiko vikubwa sita vilivyosawazishwa, na maji nusu lita. Lowesha kitambaa kwa maji moto, mwaga hayo maji, kitie kitambaa juu ya birika la udongo au la chuma, kisha weka unga na uusawazishe. Mimina maji kidogo tu, kiasi cha robo kikombe, mpaka unga wote ulowane. Simama hapo. Usiondoke kwenda kutafuta simu. Tazama unga unavyofura, ukipasuka vijishimo na kutoa mapovu ya rangi ya hudhurungi: hiyo ni hewa ya ukaa iliyobaki ndani ya buni tangu zilipokaangwa, na isipotoka kwanza huzuia maji yasiingie. Nusu dakika au zaidi kidogo inatosha. Na kama unga umelala kimya, haufuri wala hautoi povu, kahawa yako imezeeka, na aliyekuuzia akikwambia ni mbichi ya wiki hii unajua la kumjibu.

Kisha mimina maji yaliyobaki kwa mikupuo mitatu, polepole, kwa kuzungusha kutoka katikati kwenda nje. Tangu tone la kwanza mpaka maji yaishe, zisipite dakika nne. Na hapa natamka kwa sauti kubwa: usikamue kitambaa! Najua mkono umezoea tui la nazi na unawasha. Uzuie. Unga huo utabaki na maji kama mara mbili ya uzito wake, kwa hiyo kwenye nusu lita utapata pungufu kidogo ya mililita 450, na hicho ndicho kilichokuwa chako. Kama huamini, mwishoni kinga matone ya mwisho kwa kijiko, yaonje peke yake. Ni mepesi kama maji, halafu yanakwaruza ulimi kwa uchungu. Ndicho unachokikamulia wageni.

Sababu yake ni kwamba kahawa haitoi ladha zake zote kwa pamoja. Ukali wa matunda hutoka mapema, utamu hufuata, na uchungu unaokausha mdomo huja nyuma kabisa. Ndiyo maana ulimi unaweza kukuambia kosa lilipo bila kipimo chochote. Kikombe kikiwa kikali kama ndimu na chepesi, maji yamepita haraka: twanga zaidi kidogo. Kikiwa kichungu na kukausha ulimi, umetwanga mno au maji yamekaa mno. Rekebisha utwangaji peke yake kwanza, vijiko na maji uviache vilevile. Ukibadilisha vitu vitatu asubuhi moja hutajua kilichokuokoa. Na onja kabla ya kutia sukari, japo funda moja, maana sukari huficha makosa yote mawili kwa usawa na kesho utayarudia.

Mashapo yamwage kwenye bustani. Kitambaa kigeuze ndani nje, kisuuze kwa maji mpaka yatoke meupe, kisha kitie kwenye kopo la maji safi ndani ya friji, na maji hayo uyabadilishe kila siku. Usikianike. Kikikauka, mafuta ya kahawa yaliyobaki kwenye nyuzi hukutana na hewa na kuchacha, na keshokutwa kahawa yako itanuka mafuta ya kukaangia ya wiki iliyopita. Kila baada ya wiki kichemshe tena kwa maji matupu. Siku unga uleule, kwa kipimo kilekile, ukianza kuchukua zaidi ya dakika tano kupita, au harufu ikabaki hata baada ya kuchemsha, kifanye tambara la jiko ukate kingine.