Alhamisi Sitafika

Jumatatu. Mwaliko uliingia nikiwa kwenye foleni ya matatu hapa Ruiru. Wenye ploti tukutane Thika Alhamisi saa nne, ajenda moja: tangi la maji. Saa hiyo hiyo nampeleka mama kliniki, tarehe tuliyoingoja miezi miwili. Nikaandika, "Nitajaribu." Matatu ikajaa, nikabaki stejini.

Jumanne. Mwenyekiti ametangaza kwamba akidi imetimia: watu 7 kati ya 12. Wa saba ni mimi. Kumbe "nitajaribu" yangu ilimfikia kama "nitakuja", na kosa ni langu. Niliandika upya, nikaanza na jibu lenyewe:

"Mwenyekiti, habari za jioni. Samahani, Alhamisi sitafika. Nampeleka mama kliniki. Tafadhali usinihesabu kwenye akidi. Maoni yangu kuhusu tangi utayapata kesho kabla ya saa kumi jioni. Ukipenda tuzungumze ana kwa ana, najua unafunga duka saa kumi na moja jioni. Naweza kuja Thika kesho au Ijumaa saa hiyo, chagua inayokufaa."

Mwanzoni nilikuwa nimeandika "niko huru wakati wowote". Nikaifuta, maana ingemwachia yeye kazi ya kubahatisha. Kuomba mkutano uahirishwe sikuthubutu. Wenzangu sita walishapanga siku yao. Alijibu: Ijumaa.

Jumatano alfajiri. Umeme ulipotea, nikaandika maoni kwa mwanga wa simu. Yalifika kurasa mbili. Nani atasimama kikaoni asome kurasa mbili za mtu ambaye hayupo? Nikabakiza haya:

"Naunga mkono tangi la lita 10,000. Nyumba ni 12, na kila moja ikitumia lita 200 kwa siku, jumla ni lita 2,400. Tangi la lita 5,000 litatosha siku mbili tu, na mfereji wetu ukikauka hukauka siku tatu. Lakini likijaa, hilo kubwa lina tani 10 za maji peke yake. Fundi akisema mnara hauwezi uzito huo, nakubali dogo."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyonichukua muda. Karatasi haiwezi kuulizwa swali, kwa hiyo ilibidi nijibu mapema lile nililojua litaulizwa.

Alhamisi. Kliniki, namba 43. Tuliitwa saa saba. Mama alisinzia begani kwangu.

Ijumaa. Msongamano pale Juja. Nilimpigia Mwenyekiti kumwambia nimechelewa. Akaniachia duka wazi nusu saa zaidi, na hilo liliniuma. Alinieleza kwamba, kwa vile nilimwambia Jumanne, alipata siku nzima ya kumtafuta mwenzetu mwingine, wakatimia saba. Maoni yangu yalisomwa, ila hayakuhesabiwa kura, kwa sababu katiba yetu inataka mkono uinuliwe ukumbini. Fundi alisema mnara unabeba tani 6.

Wamechukua tangi la lita 5,000. La pili litawekwa chini, na maji yake yavutwe kwa pampu. Bei ya pampu naitafuta mimi, nimpe Mwenyekiti kwa maandishi Jumatatu.