Shajara ya mchele wa kilo 2,200

Jumatatu

Nina magunia 6 ya mchele supa, kilo 100 kila moja. Jumla kilo 600, na wateja wawili, mmoja wao ni dada yangu. Mwanangu akashauri niweke posti kwenye kundi la soko Facebook. Nikapiga picha gunia likiwa wazi, jioni, chini ya balbu ya sebuleni. Kwenye kona ya chini kuna mguu wangu. Sikuuona.

Nikaandika: "Mchele safi sana, karibuni wote. Bei njoo inboksi." Ndivyo wanavyoandika wenye maduka makubwa, nikadhani ni adabu ya biashara.

Mpaka saa nne usiku komenti zilikuwa 31. Ishirini na mbili ni neno moja: "Bei?" Tano zinasema, "Nimekuja inboksi hujajibu." Inboksi kwangu hapakuwa na mtu. Mwanangu akanionyesha kwamba ujumbe wa watu usio na urafiki nao huwekwa kwenye chumba cha nyuma kinachoitwa maombi, na mwenye nyumba hapigiwi kengele. Nikafungua. Walikuwa wamejaa humo, wengine tangu mwaka jana, enzi nauza kabati.

Nimeuza kilo sifuri.

Jumanne

Nimeamua kuwa muwazi. Nikahariri: "Mchele safi 2,200."

Saa tatu asubuhi akaja mama mmoja wa hapa hapa Segese na sado yake, ile ndoo ndogo ya lita nne, na shilingi 2,200 mkononi. Nikamwambia hiyo ni bei ya kilo. Akasema mbona hujaandika kilo. Nikatazama simu. Ni kweli sikuandika kilo.

Tukapima sado yake kwenye mizani ili haki itendeke. Ikisawazishwa juu kwa fimbo, ni kilo 3.3. Ikiwekwa kilele, kilo 3.8. Mama alikuwa amekuja kwa ajili ya kilele. Sado ya kilele kwa bei yangu ni 8,360. Akanitazama kama mtu aliyepandishiwa bei mlangoni.

Mchana akapiga simu bwana mmoja wa Kahama, yeye alidhani 2,200 ni bei ya kuanzia gunia tano. Jioni mwingine akauliza kama ni 2,200 kwa debe, na kama ni hivyo anakuja na lori. Namba moja, watu watatu, vipimo vitatu. Nikaongeza neno "kilo". Komenti za zamani zimebaki zilivyo, na chini yake nimejibu "2,200" mara kumi na nne bila kilo. Zote bado zinasomeka.

Jumatano

Leo wanauliza kuhusu picha. "Mbona wa njano?" Si wa njano. Balbu ndiyo ya njano. "Una chenga?" "Una mawe?" "Mpya au wa zamani?" "Huo ni wa Kyela?"

Nikajibu la Kyela kwanza kwa sababu liliniuma. Wa Kahama, bwana. Kisha nikakaa nikafikiri kwamba haya mengine si maswali ya uchokozi. Mchele mpya unataka maji machache, ukiupa maji ya mchele wa zamani unapata bokoboko. Mchele wa zamani unavimba na kuchambuka, ndiyo maana mama lishe huutafuta. Anayeuliza "mpya au wa zamani" anauliza wali wake utakuwaje Ijumaa. Nami nilikuwa nimeandika "safi sana", maneno ambayo hata mwenye mchele wa mawe huandika.

Nikapiga picha upya saa nne asubuhi, nje, kivulini. Kiganja kimoja cha mchele nikakitandaza juu ya kitambaa cheusi. Kwenye nyeusi, chenga haijifichi: punje nzima inaonekana nzima, nusu inaonekana nusu. Nikaona chenga zangu ni nyingi kuliko nilivyodhani. Nikaandika posti upya, ndefu na yenye salamu, nikaweka "chenga zipo kidogo, tazama picha ya pili."

Mtu mmoja akauliza: "Segese ni Geita au Shinyanga?" Nikamjibu: Msalala, mkoa wa Shinyanga. Mwingine akanisahihisha kwamba ni Kahama. Wa tatu akasema yeye anapajua, ni karibu na mgodi wa Bulyanhulu. Wakaendelea wenyewe mpaka komenti 40. Hakuna aliyenunua, lakini jiografia imesonga mbele.

Saa moja usiku mtu akaandika "Bei?" Bei iko mstari wa tatu. Nilikuwa nimechoka, nikajibu: "Soma juu." Hakurudi tena.

Alhamisi

Nimegundua kwamba ukiandika mistari mingi, simu inaonyesha michache ya mwanzo, iliyobaki inafichwa mpaka mtu aguse. Yangu ilianza hivi: "Habari zenu wapendwa, Mungu ni mwema, leo nimewaletea…" Salamu ndiyo iliyokuwa inaonekana, bei imejificha nyuma yake. Nikahamisha bei ikawa mstari wa kwanza. Mungu nikamweka mwishoni, naamini ataelewa.

Pia niliongeza "maongezi yapo", kwa sababu komenti nane ziliuliza "mwisho shilingi ngapi?"

Saa nne asubuhi akaja mzee mmoja. "Mwangaluka." Nikaitika mwangaluka. Akasema ameona maongezi yapo. Akakaa kwenye benchi, akaongea kuhusu duara lake ambalo wamechimba miezi mitatu mwamba haujatema kitu, kuhusu karasha linalodai fedha zake, na kuhusu mkwe. Dakika 40. Akaaga. Sikuwa na la kulaumu. Yaliandikwa kwamba yapo, naye akayafuata.

Nimefuta "maongezi yapo". Badala yake: "Kilo 2,200. Kuanzia kilo 50, kilo moja 2,100." Punguzo sasa lina masharti na halihitaji benchi. Maswali ya "mwisho ngapi" yamepungua kutoka nane hadi mawili, na hao wawili nawajibu: chukua 50, ndio mwisho wenyewe.

Ijumaa

Siku kubwa. Dada mmoja wa Dar es Salaam akauliza kwenye komenti: "Kilo 50 bei gani, na unafika Dar?"

Nikajibu kwa furaha: "105,000 dada, unafika Dar."

Akatuma 105,000 ndani ya dakika kumi. Nikashona kiroba, nikampakia. Kiroba kipya 1,000. Bodaboda mpaka kituoni 2,000. Hiace mpaka Kahama 3,000. Basi la Dar 12,000. Jumla 18,000. Nikampigia kumwambia aongeze 18,000 ya usafiri.

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema kwa upole, "Dada, si uliandika unafika Dar?"

Nikarudi kusoma. Mimi nilimaanisha mchele una uwezo wa kufika Dar, kwamba tunatuma. Yeye alisoma kwamba 105,000 ndiyo bei mpaka Dar. Sentensi ni ileile, na kwa Kiswahili sanifu kabisa yeye ndiye aliyesoma sawasawa.

Nikapiga hesabu usiku. Mchele huu pamoja na kukoboa umenigharimu 1,800 kwa kilo. Kilo 50 ni 90,000. Nimepokea 105,000, hivyo faida ilikuwa 15,000. Usafiri umekula 18,000. Nimemlipa dada wa Dar shilingi 3,000 ili ale wali wangu. Kuna na ya kutolea, ambayo hakuweka, na ambayo mimi pia sikuiandika.

Mume wangu aliuliza biashara imeendaje. Nikamwambia imefika Dar.

Jumamosi

Saa mbili asubuhi nikapigiwa simu na mwanaume wa Mwanza, amekasirika, anauliza mchele wake. Sina mteja wa Mwanza. Akasema alinilipa nusu jana kwa namba niliyompa kwenye komenti.

Nikaenda kutazama. Kuna akaunti yenye jina langu, imeongezewa herufi moja "a" mwishoni, imefunguliwa juzi. Ina picha yangu ya kwanza, ile ya balbu. Ilikuwa inapita chini ya posti yangu na kumjibu kila aliyeuliza "Bei?" kabla yangu: "1,500 kilo, tuma nusu nikuandalie." Mimi nilikuwa naosha vyombo. Nilijua ni picha yangu kwa sababu mguu upo. Kidole gumba changu kinauza mchele kwa bei nafuu kuliko mimi.

Yule bwana nikamwambia ukweli, nikamwomba atume ile namba ya tapeli kwenda 15040, namba ya TCRA ya kupokea taarifa za utapeli wa simu. Akauliza atajuaje kwamba mimi si tapeli. Swali zuri. Nikamwambia asinitumie hela.

Mwanangu akafanya mambo matatu. Akaripoti ile akaunti. Akafuta komenti zake zote kwenye posti yangu. Kisha akaandika jina langu na tarehe kwenye karatasi, akaichomeka juu ya mchele, akapiga picha upya. Mguu umebaki nje. Nikaongeza mstari: "Malipo kwa namba hii moja tu, jina litakalotokea ni la kwangu. Ukipewa namba nyingine kwenye komenti, si mimi."

Jumapili

Baada ya ibada nimeandika upya yote, kwa utulivu:

"Mchele supa, kilo 2,200. Kuanzia kilo 50, kilo moja 2,100. Bei hii ni ya kuchukulia hapa Segese, Msalala, Shinyanga. Kilo 50 mpaka Dar ni 123,000 jumla: mchele 105,000, kiroba na usafiri 18,000. Malipo kwa namba hii moja tu. Weka na ya kutolea. Mchele mpya wa msimu huu, umepitishwa mashine ya mawe, chenga kama picha ya pili. Bei ya leo Jumapili, ikibadilika nitaweka posti mpya. Mungu ni mwema."

Kila sentensi pale ina mtu wake: mama wa sado, mzee wa duara, dada wa Dar, bwana wa Mwanza. Mpaka jioni komenti ni tatu. Mbili zinaagiza kilo 50. Ya tatu inasema: "Bei?"

Nikashika simu niandike "soma juu". Nikakumbuka yule wa Jumatano. Nikaandika: "Kilo 2,200 kaka, leo upo, unahitaji kilo ngapi?" Akajibu papo hapo: 25. Akasema bei aliiona, alitaka tu kujua kama kuna mtu.

Usiku nikaona mtu anauza toroli. Picha nzuri, bei 85,000 mstari wa kwanza, mahali palipo. Kidole changu kikaandika chenyewe: "Bei?"

Akajibu baada ya dakika moja: "Soma juu."

Sikununua.