Dola zangu 380 ziko safarini

Mimi sijafika Mombasa, lakini pesa yangu imeshazunguka kuliko mimi. Imekwenda Nairobi, imeingia kwenye mtambo wa hesabu wa mashirika ya ndege, imetoka, imelipa deni lisilo langu, na mpaka naandika haya haijarudi yote Buyenzi, hapa Bujumbura.

Mtoto wa dada yangu alikuwa anaolewa Mombasa. Nikaenda kwenye ajensi moja pale Rohero, nikahesabu dola 500 taslimu: 480 za tiketi na 20 za ajensi kwa kazi ya kubofya. Wiki tatu kabla ya harusi, bwana harusi akapata kazi Doha, akapanda ndege. Yaani katika shughuli nzima aliyesafiri ni yeye peke yake.

Sikusubiri siku ya safari ipite, maana najua abiria asiyetokea bila taarifa hukatwa zaidi. Nikarudi ajensi. Binti wa pale akagonga gonga kompyuta, akaniambia, "Mzee wangu, tumeshafuta. Sharti la tiketi yako ni faini ya dola 100. Zitarudi 380. Vuta subira kidogo."

Nikavuta subira miezi miwili. Mafuta ya gari hayakuwepo, basi la kugombania silipendi, kwa hiyo kila Jumatatu nilitembea kutoka Buyenzi hadi Rohero kuulizia. Daktari wangu anasema shinikizo la damu limeshuka. Ajabu, maana likishushwa na mwendo lilikuwa linapandishwa na jibu: "Shirika la ndege halijarudisha, mzee."

Nikaenda ofisi ya shirika. Kijana akanisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema, "Mzee, tiketi ulinunua kwa wakala, basi muulize wakala." Nikarudi kwa wakala. Nikawa kama barua isiyo na anwani.

Aliyeniokoa ni shemeji yangu, aliyekuwa akiwakatia watu tiketi Nairobi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Nilipomwonyesha karatasi ya tiketi, hakutazama bei wala jina langu. Alitazama namba ya tiketi, ile ya tarakimu 13. Tatu za mwanzo ni za shirika: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian. Za kwangu sizitaji, sitaki kesi. Akaniambia nirudi kwa yule kijana na swali moja tu: namba hii inasomeka nini kwenye mtambo?

Nikarudi. Kijana akabofya. Ilisomeka OPEN.

"Maana yake nini?"

"Maana yake tiketi bado nzima, mzee. Kiti kimefutwa, lakini hakuna aliyeomba pesa."

Kumbe kufuta nafasi na kuomba pesa ni kazi mbili. Ile ya kwanza inakiachia kiti kiuzwe kwa mwingine. Ile ya pili ni ombi ambalo wakala aliyetoa tiketi hulipeleka kwa shirika, na bila ombi hilo shirika halina habari na wewe. Miezi miwili nilikuwa nasubiri mvua ya mwezi usio na mawingu.

Safari hii nilipofika ajensi sikukaa. Nilisimama hadi binti alipopiga simu. Na hapo ndipo nikasikia anaongea na Nairobi. Nikauliza, Nairobi kuna nini? Akasema kwa sauti ya chini kwamba wao hawatoi tiketi wenyewe, wananunua kwa ajensi kubwa ya kule. Shemeji alicheka sana nilipomsimulia. Alinionyesha kwenye karatasi ileile, chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na chungu, jina la ajensi ya Nairobi na namba yake ya IATA. Miezi yote hiyo nilikuwa nayo mfukoni.

Baada ya wiki tano kijana wa shirika akabofya tena. Ikasomeka REFUNDED. Nikashukuru Mungu, nikaenda ajensi mbio kwa kadiri ya magoti yangu. Binti akaapa kwamba hawajapokea hata senti. Nikamwita shemeji tukae kwenye kahawa, nimuulize nani kati ya hawa wawili ni mwongo.

"Hakuna mwongo," akasema. "Wewe si una duka? Ukirudisha gunia la mchele bovu kwa mwenye ghala, anakupa noti?"

Hanipi. Anachukua daftari, anapunguza kwenye deni langu, na mzigo ujao nalipa pungufu.

"Basi ndivyo ilivyo."

Nchini Kenya, ajensi zenye idhini ya IATA hazimpelekei kila mwenye ndege bahasha yake. Mauzo yote ya kipindi yanakusanywa kwenye hesabu moja iitwayo BSP, na ajensi inalipa jumla siku ya malipo. Shirika likikubali ombi la kurudisha pesa, halitumi kitu. Kiasi kile kinaandikwa kwenye hesabu hiyo na kupunguzwa katika bili ya ajensi. Kwa hiyo shirika likisema limerudisha, ni kweli. Ajensi ikisema haikuona pesa ikiingia benki, nayo ni kweli. Ila imelipa pungufu, na huo upungufu ndio mimi.

Shemeji akanifundisha vitu viwili vya kuomba kwa maandishi kutoka shirika: tarehe waliyoidhinisha ombi, na namba ya ajensi iliyopunguziwa. Kijana akaniandikia. Namba ilikuwa ileile ya herufi za chungu.

Nikaipeleka Rohero. Binti akamwita bosi wake, bosi akavaa miwani, akapiga Nairobi akiwa mbele yangu. Jibu la Nairobi sikulisikia, lakini uso wa bosi niliusoma. Nairobi nao wana daftari. Walipopunguziwa dola 380, wakazikata kwenye deni ambalo ajensi yetu ya hapa ilikuwa inadaiwa kwa tiketi za wateja wengine.

"Kwa hiyo unaona, mzee," bosi akasema, "sisi kweli hatukupokea."

Nikamwambia, "Mwanangu, nyumba yako ilikuwa na deni. Deni limepungua dola 380. Nani kalilipa?"

Akavua miwani. Tukanyamaza kidogo. Nje mtu alikuwa anauza ndagala.

Hapo ikazuka hoja ya mwisho: watanilipa kwa faranga, kwa bei ya benki. Wakazi wa Bujumbura hawahitaji maelezo hapa. Dola ya benki na dola ya mtaani zina jina moja tu, koo mbalimbali. Nikatoa risiti yangu, imeandikwa dola, imegongwa muhuri wao. Hiyo risiti nilikuwa nimeilaza ndani ya msahafu tangu siku ya kwanza.

Wamekubali kulipa dola kwa awamu. Nimepokea 150, kisha 150. Wewe uliyekwama kama mimi, angalia sasa hivi chini ya karatasi yako uone nani hasa alitoa tiketi, kisha uulize namba inasomeka nini. Zangu zimebaki 80. Jumatatu natembea tena.