Shangazi, Ananipenda Kisha Ananiuma

*Shikamoo Shangazi. Taarifa ya habari ikianza tu, Sultani hunipandia mapajani mwenyewe. Nampapasa, ananguruma kwa raha, kisha habari za michezo zikifika ananiuma ghafla na kukimbilia uvunguni. Jirani anasema ana jini. Nifanyeje?*
*Mwenye Plasta, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nimeshakuandikia aya tatu za kukushauri urudi kwenu, ndipo nikafika kwenye neno "uvunguni", nikaelewa kwamba Sultani ni paka.

Jini limwache. Ninalokataa mimi ni hilo "ghafla". Kutoka habari za kitaifa hadi michezo ni muda mrefu, na mkono wako ulikuwa unapita palepale, shingoni hadi mkiani, macho yako kwenye televisheni. Paka wanaopatana hulambana kichwani na shingoni, tena kwa muda mfupi. Mkono unaorudia mgongo mzima humfurahisha mwanzoni, halafu raha inageuka karaha, kama mtu anayekukuna mgongo na hajui kuacha.

Leo zima televisheni umtazame yeye. Ncha ya mkia itaanza kucheza, kisha mkia wote utapiga huku na huku. Ngozi ya mgongo itatetemeka kama ya ng'ombe anayefukuza nzi. Masikio yatageukia pembeni, mngurumo utakatika, mwili utakakamaa, na mwishoni atageuza kichwa autazame mkono wako. Hapo ameshakuambia mara sita. Jino ni la saba.

Basi mpapase mara tatu tu, mashavuni, chini ya kidevu au nyuma ya masikio, kisha weka mkono pembeni. Akikusukuma kwa kichwa, endelea. Akitulia au akitazama kwingine, amekujibu. Ukiona mkia umeanza kucheza, acha, umwachie nafasi ya kushuka mwenyewe.

Akikuuma, usiuvute mkono, maana kinachokimbia kwake ni panya, ataking'ang'ania. Uache utulie, atauachia. Wala usimpige. Atajifunza tu kuuogopa mkono, na mkono unaoogopwa huumwa mapema zaidi.

Ila kama zamani alipenda kushikwa na sasa anauma ukigusa mahali pamoja tu, huenda ana jeraha au maumivu ya viungo. Huyo mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Na hiyo plasta imenitia wasiwasi. Jino la paka ni jembamba, huingiza vijidudu ndani na tundu likaziba juu. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali wakuangalie, hasa kwa kichaa cha mbwa, ambacho paka naye huambukiza. Uwaambie kama Sultani amechanjwa.

Umeuliza pia, pembeni mwa karatasi, kuhusu tumbo, kwamba akilala chali anakualika. Hakualiki. Mimi mwenyewe hulala chali mkekani kila alasiri, na sijamwita mtu.