Jinsi ya Kutengeneza Video ya Kuhara Bila Kupiga Picha Hata Moja

Umepewa kazi ya video ya kuwafundisha akina mama wa Nyandira, kule Mgeta, namna ya kumpa ORS mtoto anayeharisha. Bajeti haipo, kamera haipo, ila vipande vya video vimejaa kwenye simu. Hongera. Fuata hatua hizi, na ukikosea usishangae.

Kwanza, tafuta picha ya milima. Kila video ya afya ya Morogoro lazima ianze na Uluguru ikiwa na ukungu, kisha nembo tatu, kisha salamu za mheshimiwa. Usiulize kwa nini. Ila hakikisha salamu hazizidi somo, maana jenereta halisubiri itifaki.

Pili, chagua kipande cha mama akikoroga ORS kwenye jagi. Kitakuwa kizuri: mwanga safi, mama anatabasamu. Sasa simamisha picha, uikuze, usome kipakiti. Vipakiti havilingani. Kilichozoeleka kwetu huchanganywa na lita 1 ya maji. Kenya vipo vya nusu lita, na Zambia kuna Kit Yamoyo, ambayo kipakiti chake ni cha mililita 200. Ukichukua mama wa Kenya anayemimina nusu lita, ukamwekea sauti ya Morogoro, mama wa Nyandira atamwaga kipakiti chake cha lita 1 kwenye maji hayohayo nusu. Kinywaji kitakuwa na chumvi maradufu, na chumvi ikizidi kwenye damu ya mtoto aliyekwisha kuishiwa maji, huweza kumletea degedege. Utaambiwa hakuna atakayeona tofauti. Ni kweli, kwenye video haitaonekana.

Tatu, uliza kipande kina umri gani. WHO na UNICEF walitoa tamko la pamoja mwaka 2004 kwamba mtoto anayeharisha apewe na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi sita. Kwa kidonge cha miligramu 20, huyo mdogo anapata nusu. Kipande cha kabla ya hapo hakitaji zinki kabisa, na daktari wake anaongea kwa uhakika uleule. Kitumie ukipenda, ila zinki iingize kwa sauti mpya na picha ya kidonge kikikatwa. Koti jeupe halina tarehe ya mwisho wa matumizi, maneno yanayo.

Nne, kata kwa adabu. Muuguzi amekohoa mwanzoni, nawe unataka kuondoa kikohozi. Alikuwa anasema, “Usiache kumnyonyesha.” Mkasi ukiteleza kidogo tu, kinabaki “ache kumnyonyesha”, na video yako imekuwa adui wa ziwa la mama. Vilevile usikate ile sehemu ndefu inayochosha: mtoto akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole kwa kijiko. Ukiitoa, mama ataona katapika mara moja na kuamua dawa imemkataa. Kila sekunde unayookoa kuna mtu atailipia, na si wewe.

Tano, dalili za hatari ziweke katikati. Desturi inataka zije mwisho, chini ya muziki, watu wakiwa wanakunja mikeka. Macho yaliyoingia ndani, mtoto aliyelegea au asiyeweza kunywa, damu kwenye choo: hapo ni zahanati, si jagi. Zikibaki mwishoni, watakaoziona ni wewe na fundi wa spika.

Sita, tafuta mganga wa kuhakiki. Usimtumie video, ataitazama kwa simu akiwa kwenye bodaboda na kujibu “safi sana”. Mpe karatasi yenye kila sentensi na kila namba, atie saini kila ukurasa. Utashangaa kalamu inavyoamsha usomi.

Saba, jaribu. Mwonyeshe mama mmoja video, kisha mwekee mbele yake kipakiti cha lita 1, jagi, chupa mbili za maji za nusu lita na kikombe. Usimuulize kama ameelewa. Atasema ndiyo, kwa heshima. Mwambie tu, “Nionyeshe, mama.” Akimwaga chupa zote mbili, umefaulu. Akichukua moja, rudi hatua ya pili. Na muulize atayafanyia nini maji ya ORS yaliyobaki kesho muda kama huu: jibu ni kuyamwaga, kwani saa 24 zimekwisha.

Utarekebisha, bila shaka, na andiko la “kipakiti cha lita 1” litakaa juu ya picha, na tarehe chini yake. Toleo hilo sahihi litabaki kwenye kompyuta yako. Lile la kwanza, lenye nusu lita, limeshafika Kolero tangu jana, na wamelipenda sana.