Namna ya Kusikiliza Rufaa Bila Kuigeuza Muhuri

Kwanza, mwondoe shemeji. Meneja anapomfukuza mtu kazi pale Bunda, kisha rufaa ikapelekwa kwa shemeji yake anayeongoza ofisi ya Musoma, hicho si kikao cha rufaa. Ni mazungumzo ya kifamilia yanayoandikiwa muhtasari. Mwondoe pia ofisa utumishi aliyeandika barua ya kufukuza, maana hatakubali kwa urahisi kwamba barua yake mwenyewe ina kasoro. Na mkurugenzi aliyeandika "nakubaliana" pembeni mwa ripoti ya uchunguzi naye aende zake, hata kama aliandika kwa penseli.

Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zinazokwenda na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, zinampa mfanyakazi siku tano za kazi kukata rufaa baada ya kuarifiwa adhabu. Rufaa hiyo hupelekwa kwa kiongozi wa ngazi ya juu zaidi. Lakini cheo peke yake hakitoshi. Kabla ya kumteua msikilizaji, fungua faili utafute saini yake. Ukiikuta kwenye karatasi yoyote iliyotangulia adhabu, tafuta mwingine: mjumbe wa bodi, au mtu wa nje anayekubalika kwa pande zote mbili. Kisha mtajie mkata rufaa jina la msikilizaji huyo mapema, ili kama ana pingamizi alitoe kabla kikao hakijaanza. Katika mji mdogo kama Musoma watu kufahamiana hakuepukiki. Kilicho mikononi mwako ni kuuliza.

Sasa faili. Tuseme karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Bunda amefukuzwa kwa wizi. Hati ya chama cha msingi cha Butiama inasema lori lilipakia kilo 8,410 za pamba mbegu. Mizani ya kiwanda ilisoma kilo 14,260 lori likiwa limejaa na 6,180 baada ya kushusha, yaani pamba ni kilo 8,080. Kilo 330 hazionekani. Kamati ya nidhamu ilitoa namba moja kwenye nyingine, ikatikisa kichwa, ikamfukuza.

Msikilizaji mvivu husoma muhtasari wa kamati na kuona kwamba hesabu ya kutoa imefanywa sawasawa. Ni kweli, imefanywa sawasawa. Ila kazi yake si kukagua hesabu ya kamati. Anatakiwa kuuliza kila namba ilitoka wapi, na kwa hiyo anaomba stakabadhi za mizani zenyewe, si jedwali lililochapwa ofisini, pamoja na stakabadhi za lori hilohilo kwa safari nyingine za wiki ile. Humo anakuta kwamba lori likiwa tupu husoma kilo 5,860 kila mara. Siku ya kesi tu ndipo lilipozidi kwa kilo 320.

Kamati haikumwita mlinzi wa geti. Msikilizaji anamwita, aje na daftari lake. Mlinzi anafungua ukurasa na kusema, "Mzee, siku ile lori lilitoka na magunia manne ya mbegu ya kurudisha Butiama. Yalipakiwa kabla halijapanda mizani mara ya pili." Magunia manne ya kilo themanini. Kilo kumi zilizosalia zinaweza kuwa unyevu uliokauka njiani, au tofauti ya kawaida kati ya mizani mbili. Karani naye apewe nafasi ya kumsikia mlinzi na kumuuliza maswali, kwa sababu ushahidi mpya ukipokelewa bila yeye kuwapo unaibomoa rufaa yenyewe.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wizi umeanguka, basi wanamtia hatiani kwa uzembe: kwa nini alipima lori lenye magunia? Swali ni zuri, lakini hakuna aliyemshtaki kwa hilo wala kumpa muda wa kujitetea. Likitakiwa kufuatwa, lianze upya kwa notisi yake na kikao chake. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri, naye athibitishe kosa lililoandikwa kwenye hati ya mashtaka.

Uamuzi uandikwe kwa sababu: ushahidi upi umekubaliwa, upi umekataliwa, na kwa nini. Barua ya mstari mmoja, "rufaa yako imekataliwa baada ya kutafakari kwa kina", haimwonyeshi mtu yeyote hicho kina. Weka tarehe, umpe mfanyakazi nakala asaini kuipokea. Rufaa ikikataliwa, ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku hizo zinaweza kuhesabiwa tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kuthibitisha kumwachisha. Pale Tume, atakayetakiwa kueleza kwa nini daftari la geti halikufunguliwa ni mwajiri.