Shahidi wa Parachichi Lisilozaa

Rungwe siku hizi mwenye kitalu cha parachichi hakosi rafiki wa kumsifia miche. Mche wa Hass uliobebeshwa huanza kuzaa kama mwaka wa 3. Lakini rafiki anaombwa ushuhuda mche ukiwa na miezi 3 tu, tena kwa sauti, mbele ya wanunuzi pale Tukuyu. Kwa muda huo anachoweza kuapia ni kwamba kiungio kimeshika na majani yanachipua. Kinachomhakikishia mkulima kuwa ni Hass kweli ni tunda, lile la ngozi ya vipele linalogeuka jeusi likiiva, na tunda halijaja.

Utasema ni maneno tu, watu husaidiana. Sawa, ila aliyeyaamini atapalilia miaka 3 ndipo agundue kwamba kikonyo cha Hass kilikufa zamani, na kilichostawi ni chipukizi la chini ya kiungio, parachichi la kienyeji asilolitaka mnunuzi wa Hass. Basi ukiombwa ushuhuda, mjibu mwenye kitalu: “Ndugu yangu, nitasema mche umeshika. Habari za tunda niulize ukizaa.” Akinuna, mnunulie miche mingine miwili, biashara yake itapona, na hakuna jirani atakayedanganyika.